Chini ya 0.1

Nilizima kompyuta bila kuhifadhi kazi. Sikukosea, niliizima makusudi. Mhandisi alikuwa amesimama nyuma yangu, mkononi ana kurasa nilizomchapia asubuhi, zimejaa miviringo ya kalamu nyekundu kama mtoto aliyeugua surua. Akaona kioo kinakuwa cheusi, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, ile sauti ya mtu anayedhani umeme umekatika, "Wamekata?"

"Hawajakata. Nimezima mimi."

"Umehifadhi?"

"Sijahifadhi."

Akaweka kurasa mezani, akavua miwani. "Mama, ripoti inaondoka leo na gari la mchana. Nimekuomba kitu kidogo tu. Toa hizo alama, fanya kama mwezi uliopita."

"Kama mwezi uliopita sifanyi."

Alama yenyewe ni hii: <. Watu wengi hawajawahi kuiandika tangu watoke shuleni. Inasema "chini ya". Ilikuwa imejitokeza mara mbili kwenye mstari wa bomba la nne, na mhandisi alikuwa ameizungushia wino na kuandika pembeni: *inachafua safu*. Mimi nilikuwa nimejifungua miezi michache tu nyuma, maziwa yananivuja ndani ya blauzi, sijalala usiku kucha, na neno hilo "inachafua" likanipanda kichwani. Nikamwambia kinachochafua safu si alama. Nikamwambia na mengine ambayo siyaandiki hapa, maana mwanangu siku moja atasoma.

Lakini nikisimulia kuanzia hapo nitaonekana mwenye haki, na sikuwa nayo. Hasira ile nusu yake ilikuwa yangu mwenyewe, inanirudi.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Boti zilikuwa zinatoka ng'ambo ya ziwa zikiwa zimejaa hadi maji yanagusa ukingo, na wengine walifika kwa miguu kutoka Burundi, miguu imevimba. Walisubiri kwenye eneo la mapokezi karibu na ufuko kabla ya kupandishwa magari kwenda kambini. Wengine walisubiri wiki, wengine wakasubiri mpaka wakapanda mchicha. Mradi wetu ulikuwa wa maji. Tulivuta maji ya ziwa kwa pampu, tukayatia klorini kwenye tangi kubwa, yakashuka kwa mpira hadi mabomba manne. Bomba la kwanza lilikuwa chini tu ya tangi. La nne lilikuwa mwisho kabisa, upande wa vibanda vya wenye watoto wadogo.

Kazi yangu ilikuwa kupiga pasi. Ndivyo tulivyoiita ofisini. Vijikaratasi vya vipimo vilitoka kwa wapimaji vikiwa vimekunjamana, kila mtu na mwandiko wake na shule yake, na mimi nikavinyoosha viwe ripoti moja. Mmoja aliandika *Kgs*, mwingine *kilo*, mwingine *KG*. Mmoja aliandika *mg/l*, mwingine *ppm*, wote wakimaanisha kitu kilekile. Mhandisi ndiye aliyenifundisha, sitamnyima haki yake. Alikuwa mtu wa Moshi, mpole, mwenye shati la mikono mirefu hata jua likiwa kali. Siku yangu ya kwanza alivuta kiti akakaa nami mpaka chakula cha mchana.

"Namba na kipimo ni mume na mke," alisema. "Wanakaa pamoja, lakini kila mmoja ana kitanda chake. Weka nafasi. Si 25°C iliyobanana. Andika 25 °C. Si 0.3mg/L, ni 0.3 mg/L. Na hiyo L iandike kubwa, ndogo inafanana na moja."

"Na kilo tano? Kgs?"

"kg. Herufi ndogo, hakuna s, hakuna nukta mwisho. Alama haina wingi. Hata ziwe kilo elfu, ni kg."

Niliipenda kazi ile. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimefaulu fizikia kwa alama ambayo hakuna mtu mtaani kwetu Bangwe aliyejali, na hapa kuna mtu ananieleza kwa nini 0.30 na 0.3 si kitu kimoja. Ukiandika 0.30, alisema, umeapa kwamba chombo chako kinaweza kuona tofauti kati ya 0.30 na 0.31. Kama hakiwezi, umeapa uongo. Tarakimu za maana ni zile tu ambazo chombo chako kinaweza kuzisimamia.

Na kweli chombo chetu kilikuwa cha macho. Unakinga maji kwenye kichupa, unatia kidonge, maji yanageuka pinki kama klorini imo. Unalinganisha ile pinki na vioo vya rangi vilivyoandikwa 0.1, 0.2, 0.3, kuendelea juu. Yasipogeuka rangi, huwezi kuandika sifuri, kwa sababu huenda kipo kidogo ambacho jicho halikioni. Unaandika <0.1. Maana yake: sijui ni ngapi, najua tu haifiki hapa. Kiwango tulichopewa, maji yakifika bombani, klorini isipungue 0.2 mg/L.

Mpimaji wetu mkuu alikuwa Mkongo, naye mkimbizi, aliyewahi kufanya kazi maabara huko kwao. Mtu safi wa kazi, lakini kasoma kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa nukta ni koma na koma ni nukta. Klorini ya kilo moja na nusu aliiandika *1,5 kg*. Sawa, hiyo naielewa. Lakini tangi la lita elfu kumi aliliandika *10.000 L*.

"Fundi," nilimwambia, "hili tangi lako ni la lita kumi. Tena lita kumi zilizopimwa kwa uangalifu wa ajabu."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama, ukioga humo utaona kama ni lita kumi."

Tangu siku hiyo tuliandika 10 000 L, nafasi badala ya alama yoyote, ili asidanganyike Mkongo wala Mtanzania. Jambo hilo nililibuni mimi na mhandisi akalisifu mbele ya wote. Nikavimba kichwa. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuona namba kama nguo, kwamba zikinyooka basi.

Mwanangu nilimwacha kila asubuhi kwa mama mmoja Mrundi pale pale eneo la mapokezi. Njia yangu ya kutoka Bangwe kwenda ofisini ilipita hapo, na yeye alikuwa na mtoto wake wa kike wa miaka miwili ambaye alimpenda wangu kama kidoli. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mingi kidogo. Nilimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba kwa lafudhi yao, halafu ananipokonya mtoto bila kungoja. Kibanda chake kilikuwa hatua chache tu kutoka bomba la nne.

"Nenda, nenda," alisema. "Huyu umwana wangu sasa. Wewe kazi yako kumnyonyesha tu."

Ripoti ya kwanza niliyoifanya peke yangu ndiyo iliyoharibika. Mhandisi alikuwa safarini mpaka siku ya kuituma. Wenye fedha walituletea jedwali lao: kila bomba mstari mmoja, vipimo vinne vya mwezi, halafu safu ya wastani, na pembeni kabisa safu ya *inatosha* au *haitoshi*. Bomba la nne lilikuwa na <0.1, 0.2, <0.1, 0.2. Nikaingiza. Mashine ikakataa kujumlisha, kwa sababu yenye alama iliiona ni neno. Nikakaa nikatazama. Sikuwa na wa kumuuliza, au niseme kweli, Mkongo alikuwa nje ananawa mikono na sikwenda kumuuliza.

Nikafuta alama. Zikabaki 0.1, 0.2, 0.1, 0.2. Mashine ikafurahi, ikatoa 0.15.

Sasa tarakimu. Nikakumbuka somo: chombo chetu kinaona sehemu moja tu ya desimali, basi 0.15 ni kujidai. Nikaifupisha kama nilivyofundishwa, tano inapanda juu, ikawa 0.2. Nikaweka nafasi, nikaweka mg/L yenye L kubwa. Safu yote ikasimama wima, nukta chini ya nukta, kuanzia bomba la kwanza hadi la nne. Na kwenye safu ya mwisho, kwa kuwa 0.2 haipungui 0.2, nikaandika *inatosha*.

Hakuna hatua hata moja kati ya hizo ambayo mwalimu angenichapa kwa ajili yake, ukiondoa ile ya kwanza. Ile ya kwanza ilikuwa uongo, na zile nyingine zote sahihi zikaubeba kama wapagazi.

Mhandisi alirudi, akapitia kurasa kwa haraka. "Safi sana," alisema. "Umezifanyaje zile alama?"

"Nimezitoa, mashine haizitaki."

Akarudi kwenye mstari wa bomba la nne, akaweka kidole. Halafu akasema, "Vyema, hata wao hawazitaki, mara ya mwisho waliirudisha ripoti," akatia sahihi. Kwa hiyo tulijua wote wawili.

Sasa nieleze jambo ninaloliona aibu kuliko hilo. Jioni ile, nikitoka ofisini, nilipita sokoni Katonga nikanunua mkaa. Si mwingi, mfuko mdogo. Nikampelekea yule mama, nikamwambia, "Dada, maji ya uji wa mtoto uyachemshe. Yachemke kabisa, si kupata moto tu."

Akaniangalia. "Kwani amazi yana nini?"

"Hayana kitu. Huyu tumbo lake jepesi."

Tumbo lake jepesi. Mtoto aliyekuwa mzito kama gunia la mihogo. Nilikuwa nimetoka kuandika *inatosha* kwa mkono wangu, na miguu yangu ikanipeleka kununua mkaa. Na mkaa ule nilinunua wa kutosha sufuria moja ndogo kwa siku, na yule mama, mwaminifu kama alivyokuwa, alichemsha sufuria moja ndogo kwa siku. Ya mwanangu. Binti yake alikunywa bombani, kwa sababu mkaa haukuwa wake na mimi sikumwambia kitu.

Ripoti ilisema bomba la nne linatosha, kwa hiyo hakuna aliyeongeza klorini. Mkongo aliuliza mara moja tu. Alikuja na kijikaratasi kipya, akaniwekea mezani, akasema kwa utaratibu, "Mama, hii bomba ya mwisho kila mara ni vile vile. Rangi hakuna. Wakubwa wanasema nini?"

Nikamwambia wakubwa wameona wastani.

"Wastani," alisema. "Mimi sikuandika wastani." Akaenda zake kunawa vichupa.

Halafu binti wa yule mama akaharisha. Sisemi ni maji ya bomba la nne. Siwezi kusema, na mtu akiniuliza kwa kiapo nitasema sijui, maana pale kulikuwa na nzi, na vyoo vilivyojaa, na watoto waliokula chochote walichookota. Sina kipimo cha hilo. Lakini nilifika jioni kumchukua mwanangu nikakuta yule mama hayupo, na jirani akanielekeza hema la wagonjwa. Binti amelala na dripu kichwani kwa sababu mishipa ya mkono ilikuwa imekwisha, macho yameingia ndani. Mama yake amekaa chini kando yake, na mgongoni amembeba mwanangu. Amembeba mwanangu, amelala, ananuka maziwa.

"Samahani," aliniambia, yeye ananiomba samahani mimi. "Leo sikuwahi kuchemsha ya huyu. Nimempa maziwa ya kopo, waliyonipa hapa."

Nikamwambia hakuna neno. Nikamchukua mwanangu nikatoka nje. Wengine wangelia. Mimi nilimnyonyesha nimesimama, nikiangalia watu wanavyopanga foleni bomba la nne, ndoo za njano, madumu ya mafuta, sufuria, na kila anayekinga anakinga maji yaliyotoka kwenye safu yangu iliyonyooka.

Binti yule alipona. Alirudi mwembamba, akawa haachi kumshika mama yake nguo. Nilinunua mkaa mwingi zaidi na nikasema sasa uchemshe ya wote, na yule mama akaniuliza tena, safari hii bila kutabasamu, "Kwani amazi yana nini, mama?"

Nikamwambia. Nilimweleza pale pale kwa Kiswahili na Kiha changu kibovu, kinachokaribiana na Kirundi chake: kidonge, rangi, alama, mashine. Sijui alielewa ngapi. Alielewa mwisho wake. Alisema, "Kumbe ulijua," halafu akanyoosha mikono kunipokea mtoto kama siku zote, kwa sababu nilikuwa nachelewa kazini na yeye alihitaji kile nilichomlipa. Hakuniambia kitu kingine siku ile. Angenitukana ningeshukuru.

Basi ndiyo maana mwezi uliofuata kompyuta ilizimwa. Kijikaratasi kilisema <0.1, <0.1, 0.2, 0.2. Niliandika zote vilevile zilivyo, na kwenye safu ya wastani nikaandika *hauwezi kutolewa*, na pembeni *haitoshi*, maana vipimo viwili kati ya vinne havikufika. Mhandisi akarudisha na miviringo yake.

Nilipomaliza kumwambia yale nisiyoyaandika, alikaa kwenye kiti cha wageni. Hakupandisha sauti. "Unajua mimi najua," alisema. "Ripoti yenye alama inarudishwa. Ikirudishwa, fedha za dawa zinachelewa. Dawa zikichelewa, bomba la kwanza nalo linakuwa kama la nne. Unataka nichague lipi?"

"Mimi nimechagua mwezi uliopita," nilisema. "Nimeona nilichochagua. Kiliwekwa dripu kichwani."

"Hilo hulijui."

"Silijui. Ndiyo maana yake hasa. Chini ya. Silijui, lakini najua halifiki."

Akavaa miwani, akaivua tena. Akasema gari linaondoka saa nane, na kwamba akichapa mwenyewe atachapa bila alama, na kama nina malalamiko ofisi ina utaratibu. Aliyasema kama mtu anayekuonyesha mlango ambao hakuna aliyewahi kuupita. Nadhani alitaka niupite. Au najidanganya, ili nisimchukie mtu aliyenifundisha.

Utaratibu ulikuwa barua kwa msimamizi mkuu wa mradi, nakala mbili, zigongwe muhuri wa mapokezi. Nikawasha kompyuta. Mhandisi akaenda kusimama dirishani na kutazama ziwa, na hakuniondoa kwenye kiti. Nilichapa haraka, nikasoma mara moja, nikarekebisha nafasi mahali pamoja tu kati ya namba na kipimo, kwa mazoea. Nikashuka ngazi hadi kwa karani wa mapokezi. Alisoma kichwa cha barua, akanitazama, akagonga muhuri nakala zote mbili. Yangu ninayo hadi leo, na ilisema hivi:

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU RIPOTI ZA UBORA WA MAJI, BOMBA LA NNE*

*Ndugu Msimamizi,*

*Ninalalamika rasmi juu ya ripoti mbili: ya mwezi uliopita na ya mwezi huu. Mlalamikiwa wa kwanza ni mimi mwenyewe, niliyeichapa ya kwanza. Wa pili ni mhandisi aliyeitia sahihi. Wa tatu ni jedwali la wenye fedha, ambalo halipokei alama ya "chini ya".*

*Vipimo vya mwezi uliopita, kama mpimaji alivyoviandika, ni: <0.1 mg/L, 0.2 mg/L, <0.1 mg/L, 0.2 mg/L. Nilifuta alama. Wastani nilioutoa haukuwa na haki ya kuwepo, na kuufupisha kuwa 0.2 mg/L kuliufanya uonekane umefika kiwango. Haukufika.*

*Vipimo vya mwezi huu ni: <0.1 mg/L, <0.1 mg/L, 0.2 mg/L, 0.2 mg/L. Ripoti itakayoondoka leo huenda ikasema vingine. Msiiamini.*

*Naomba mambo matatu. Ripoti ya kwanza ifutwe na irudiwe. Klorini iongezwe leo hadi bomba la nne lifike 0.2 mg/L kila linapopimwa, si kwa wastani. Na wanaokinga maji hapo waambiwe, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, wayachemshe hadi hapo.*

*Nilijua na sikusema. Nilimwambia mtu mmoja achemshe maji ya mtoto wangu tu. Naambatisha vijikaratasi vya mpimaji, visivyopigwa pasi.*